Uzoefu wangu: apu ya kufupisha simu, nimeijaribu kwa maongezi na wakala wa safari

Nina apu ya kurekodi na kufupisha simu, kwa vikao vya kazini iko poa sana, sasa juzi nikaitumia kwenye simu ndefu na wakala wa safari, na kabla ya kuanza nilimwambia narekodi akakubali. Nilitaka inipangie vitu vinne tu: ratiba, gharama, masharti ya kurudishiwa hela na mwisho wa kulipa. Gharama ilizipata vizuri, nauli kivyake, kodi kivyake, hoteli kivyake na ada ya wakala kivyake, hapo sina neno.

Ratiba ndo ilinishtua. Wakala alisema ndege inaondoka tarehe 14 Agosti saa kumi na moja alfajiri, apu ikaandika 11:00. Yaani imechukua namba aliyoisikia ikaibandika hivyohivyo, wakati saa kumi na moja alfajiri ni 05:00, ungeifuata hiyo ungefika uwanjani ndege imeshapaa kitambo. Na mwisho wa kulipa advansi ilikuwa Alhamisi saa kumi jioni, yenyewe ikaweka 10:00 badala ya 16:00. Hii ya pili haina madhara sana maana inakuwahisha, ila ile ya kwanza inakuachisha safari kabisa. Kwahiyo kama mnaongea Kiswahili na wakala, kila saa iliyoandikwa kwenye muhtasari iangalie upya, ongeza au punguza sita halafu linganisha na neno alilotumia, alfajiri, mchana, jioni au usiku. Usipoona hilo neno kwenye muhtasari rudi kwenye sauti.

Halafu kuna masharti ya rifandi, hapa ndo pa kukaa napo jamani. Mwanzoni mwa simu wakala alisema "ukikansela unakatwa asilimia 25", baadae nikamuuliza tena, akafungua masharti ya tiketi kwenye skrini akasoma, kumbe hiyo 25 ni ya hoteli peke yake, na ni kama umekansela mpaka siku 7 kabla ya kufika, baada ya hapo hairudi kitu. Tiketi ya ndege nauli yake hairudi kabisa, zinarudi baadhi ya kodi tu, na ada ya wakala nayo ndo imeenda. Muhtasari ukaandika mstari mmoja: makato ya kukansela 25% ya jumla. Sasa chukulia nauli ni nusu ya gharama yote, wewe unajua utarudishiwa robo tatu ya hela yako, kumbe ile nusu yote ambayo ni nauli hairudi na hoteli nayo inakatwa! Tatizo la apu ni kwamba mtu akijirekebisha baadae kwenye maongezi, apu inashika kauli ya kwanza au inazichanganya zote mbili, na inaandika kwa uhakika uleule, huwezi kuona kwa macho kwamba kuna kitu kimepotea.

Kilichonisaidia ni kubadilisha maelekezo. Nikaiandikia kila mstari wa hela na wa tarehe uwe na dakika ya rekodi ilipotamkwa, kama kitu kimesemwa mara mbili ziandikwe zote mbili, na ambacho hakikusemwa iandike "haikutajwa". Hapo ikatoka tofauti kabisa, kauli mbili za makato zikakaa pembeni kwa pembeni na nikabonyeza dakika nikasikiliza. Na ikaonyesha "haikutajwa" kwenye kubadilisha tarehe ya safari, kitu ambacho kweli hatukukigusa.

Salio lilikuwa lilipwe "siku 30 kabla ya safari", apu ikaweka siku 30 tangu advansi. Hesabu mwenyewe kwa kurudi nyuma toka tarehe 14 Agosti, unapata 15 Julai. Na tofautisha hiyo na mwisho wa advansi, kwasababu advansi ndo inakatia tiketi, na kabla tiketi haijakatwa ile buking ni nafasi imeshikwa tu, muda ukipita shirika linaiachia na bei inaweza ikapanda.

Mimi naipa nyota tatu kati ya tano, kwa kupanga mazungumzo marefu inaokoa muda kweli, kwa saa na makato bado. Muhtasari nikiurekebisha namtumia wakala kwa maandishi namuomba athibitishe mstari kwa mstari na aambatanishe masharti ya tiketi, maana ikitokea mvutano watakachoangalia ni masharti yaliyoandikwa. Alijibu, akarekebisha moja: zile siku 7 za hoteli zinahesabiwa kwa saa za kule hoteli ilipo.