Jedwali la PDF iliyoskaniwa kwenda Excel: tunaipima img2table

Habari zenu watazamaji. Leo tuna img2table, maktaba ya bure ya Python ambayo kazi yake ni moja: unaipa PDF iliyoskaniwa, inakurudishia faili la Excel lenye jedwali lilelile, kila neno kwenye kisanduku chake. Hapo kwenye "kisanduku chake" ndipo nitakapoibana, kwa sababu kusoma herufi tu siku hizi programu nyingi zinaweza.

Tazameni karatasi ninayoitumia. Ni orodha ya stoo, ina safu sita: Na., Kifaa, Awali, Ingizo, Toleo na Baki. Naomba mwangalie mstari wa 14, betri ndogo. Awali 40, Ingizo pako wazi, Toleo 12, Baki 28. Hapo pawazi si kosa, mzigo haukuingia. Halafu mstari wa 9, jina la kifaa ni refu limeshukia mstari wa pili ndani ya kisanduku. Mitego yangu ni hiyo miwili.

Kabla hatujaenda mbali, jaribu kuchagua maandishi ya PDF yako kwa kipanya. Yakichagulika vizuri na faili limetoka moja kwa moja kwenye kompyuta, huhitaji video hii, chukua Tabula, programu ya bure ya kutoa majedwali kwenye PDF, umalize. Tabula haisomi picha, na skani ni picha.

Sasa, njia ya kawaida ya watu ni kuisomesha picha kwa Tesseract, programu ya bure ya kusoma herufi kwenye picha, kunakili maandishi na kuyabandika kwenye Excel. Mstari wa 14 ukatoka hivi: `14 Betri ndogo 40 12 28`. Kila herufi imesomwa sawasawa! Lakini pengo limepotea, na ukizigawa kwa nafasi, ile 12 ya Toleo inaingia kwenye Ingizo, na 28 inakuwa Toleo. Ukisoma haraka huoni kitu, maana namba zote zipo. Kosa baya la majedwali ndilo hilo: namba sahihi, mahali si pake.

img2table inaanzia upande mwingine. Kwanza haihangaiki na herufi, inatafuta mipaka iliyochorwa, ya wima na ya mlalo, na panapokutana mipaka hiyo inajenga visanduku. Tesseract inakuja baadaye, inasoma maneno, na kila neno linakuja na vipimo vyake: linaanzia wapi kwenye picha, linaishia wapi. Neno lililoangukia ndani ya kisanduku fulani linawekwa humo. Kisanduku kisichopata neno kinabaki kitupu, na ndicho tunachokitaka kwenye mstari wa 14.

Msimbo wenyewe ni mfupi:

```python
from img2table.document import PDF
from img2table.ocr import TesseractOCR

ocr = TesseractOCR(lang="swa")
doc = PDF("stoo.pdf", detect_rotation=True,
          pdf_text_extraction=False)
doc.to_xlsx("stoo.xlsx", ocr=ocr,
            implicit_rows=False,
            borderless_tables=False,
            min_confidence=0)
```

Tesseract iwe imeshawekwa kwenye kompyuta, pamoja na data ya lugha ya `swa`. Vipengele vingine ngoja tuvipitie, maana hapa ndipo watu wanapojikwaa.

`detect_rotation=True` inanyoosha ukurasa ulioinama. Msidharau kuinama kidogo. A4 iliyoskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi ina upana wa pikseli 2480 hivi. Ikiinama digrii moja tu, upande wa kulia unashuka kama pikseli 43 kuliko wa kushoto. Maandishi ya pointi 12 kwa skani hiyo yana kimo cha pikseli 50. Maana yake Baki ya mstari wa 14 inakaribia kukaa usawa na mstari wa 15. Jicho halilioni hilo, programu inayopanga kwa vipimo inachanganyikiwa.

`pdf_text_extraction=False` ni kwa ajili ya mashine za kuskani zinazoficha maandishi yao chini ya picha. Usipoizima, img2table inaweza kuyachukua hayo, yawe yamesomwa vibaya kiasi gani, badala ya kusoma upya.

Halafu `min_confidence`. Hapa sikupendezwa hata kidogo. Tesseract inalipatia kila neno alama ya uhakika, na img2table inatupa neno lililo chini ya kiwango. Kiwango cha kawaida ni 50. Haikuambii imetupa nini! Kisanduku kinabaki kitupu, na wewe unadhani ni kitupu kwenye karatasi. Tarakimu moja iliyokaa peke yake katikati ya kisanduku, wino umefifia, ni mwathirika mzuri wa hili. Ndiyo maana nimeweka 0. Bora niletewe takataka nizione kuliko nifichiwe.

Tuone matokeo. Mstari wa 14 umetoka salama, Ingizo tupu, 12 iko kwenye Toleo. Mstari wa 9 nao, jina lote la mistari miwili limekaa ndani ya kisanduku kimoja. Hilo limewezekana kwa sababu karatasi hii ina mipaka ya mlalo kila mstari. Kama karatasi yako ina mipaka ya wima tu ndani ya fremu ya jedwali, mistari yote ya kila safu itarundikana kwenye kisanduku kimoja kirefu, na itabidi uweke `implicit_rows=True` ili ikate kwa kufuata maandishi. Lakini sasa jina lenye mistari miwili linaweza kukatwa likawa vifaa viwili, na cha pili kitakuwa hakina namba. Alama ya kukitambua ndiyo hiyo: mstari wenye jina na safu nyingine zote tupu.

Kwa jedwali lisilo na mipaka kabisa kuna `borderless_tables=True`. Hapo programu inakisia safu kutokana na nafasi nyeupe, na safu yenye visanduku vingi vitupu huitatiza. Kwa maandishi ya mkono usijisumbue, Tesseract imefundishwa maandishi ya chapa.

Sasa kukagua. Orodha hii ina bahati, inajikagua yenyewe: Awali jumlisha Ingizo toa Toleo ni Baki. Kwenye safu ya G andika:

```
=C2+D2-E2-F2
```

Uiburute hadi chini. Sifuri maana yake mstari unalingana. Ukiona `#VALUE!` kuna herufi imejipenyeza kwenye namba, mara nyingi O badala ya 0, au mpaka uliosomwa kama `|`. Tumia alama za kujumlisha hivyo hivyo, msitumie `SUM`, kwa sababu `SUM` huziruka namba zilizohifadhiwa kama maandishi. Kwangu mstari wa 22 umetoa 50: Baki imesomwa 36 na karatasi inasema 86, ile 8 wino wake umekatika upande wa kushoto.

Fomula haitawaonyesha mstari uliopotea mzima, kwa hiyo angalieni na safu ya Na. imekatika wapi. Majina ya vifaa nayo hayana hesabu ya kuyakagua, hayo mtayasoma kwa macho huku skani iko pembeni.