Karaoke sebuleni: nililaumu eko bure

Niliinunua seti hii Desemba katika duka moja la mjini Kisumu kwa shilingi 6,800. Ni spika moja ya magurudumu, maiki mbili zisizo na waya, na kipokezi kidogo chenye plagi ya kuingia kwenye simu na nyingine nene ya kuingia kwenye spika. Tivi nilikuwa nayo tayari.

Muuzaji alinionyesha njia anayoiita ya kisasa. Unachomeka kipokezi kwenye simu, unafungua programu ya karaoke inayotia eko, simu inatuma sauti kwenye spika kwa Bluetooth, na maneno ya wimbo yanaonekana kwenye tivi. Dukani, na zile kelele za barabarani, ilisikika tamu. Nyumbani ikawa kituko. Shangazi yangu, ambaye kwaya ameiimba tangu ujana wake, alianza ubeti wa kwanza vizuri, akapunguza mwendo, akapunguza tena, mwisho akanirudishia maiki. "Mwanangu, kuna mtu ananifuata nyuma."

Nikadhani ni eko. Nikaishusha kwenye simu kutoka 60 hadi 30, kisha 10. Yule mtu wa nyuma hakuondoka. Hapo ndipo nilipofanya jaribio ambalo ningelifanya mwanzo: nilizima eko kabisa, nikanyamazisha muziki, nikasema "ta!" mara moja kwenye maiki. Ile "ta" ilitoka kwenye spika baada ya mdomo wangu kufungwa. Ilitoka moja tu, kavu, lakini imechelewa. Eko hurudia sauti mara kadhaa huku ikififia. Ukisikia nakala moja iliyochelewa na eko iko sifuri, tatizo ni njia ambayo sauti inapita.

Na njia yenyewe ni Bluetooth. Sauti hufungashwa, hutumwa na kufunguliwa upande wa pili, na kazi hiyo mara nyingi hula karibu sekunde 0.2. Ukitazama filamu huoni shida, maana kifaa kinaweza kuchelewesha picha ili ilingane na sauti. Mwimbaji huwezi kumchelewesha.

Kwa hiyo nikaitoa maiki kwenye simu. Kipokezi nikakichomeka moja kwa moja kwenye tundu la MIC la spika. Wimbo nafungulia YouTube ya tivi yenyewe, simu inabaki rimoti tu ya kuchagulia, zote zikiwa kwenye waifai moja. (Faida nyingine: mtu akinipigia, mlio hautoki tena kwenye spika katikati ya kiitikio.) Sauti ya muziki inatoka kwenye tundu la hedifoni la tivi kwa waya hadi tundu la AUX la spika. Usije ukachomeka maiki kwenye tundu hilo la tivi kama alivyofanya mdogo wangu. Linatoa sauti tu, halipokei. Nikarudia "ta!" na safari hii ilitoka palepale.

Sasa ndipo eko yenyewe ikawa na maana. Nyumba yetu ni ya mabati bila dari, sakafu ya saruji, na chumba chenyewe tayari kina mwangwi wake. Mduara wa ECHO kwenye spika nikiufikisha nusu, maneno yanapandana hadi husikii kinachoimbwa. Nimeuacha karibu robo. Kwa nyimbo za pole za kanisani naongeza kidogo, sauti inapata kile kivuli kizuri cha mwisho wa mstari. Kwa benga naishusha karibu na sifuri, kwa sababu silabi zinakuja mbiombio na kila marudio yanakanyaga silabi inayofuata. Watu wakijaa sebuleni chumba hunyonya sauti, kwa hiyo usiku wa Krismasi niliongeza tena. Hakuna namba moja ya kushikilia.

Eko ikizidi pia huleta ule mluzi wa kutoboa masikio, maana sauti ya spika inarudi kwenye maiki na kuzunguka. Ukiusikia, shusha eko kwanza, halafu MIC VOL. Sisi spika tumeiweka mbele ya waimbaji, ikiwatazama wasikilizaji. Binamu yangu alikuwa akifunika kichwa cha maiki kwa kiganja kama wasanii wa kufokafoka, na kila alipofanya hivyo mluzi ulianza. Akishika chini kwenye mpini, kimya.

Malalamiko? Maiki moja hukatika nikifika mlangoni, na betri zake zikikaribia kuisha inaanza kukoroma kabla taa haijaonya. Matangazo ya YouTube nayo huingia kati ya nyimbo yakiwa na sauti kubwa kuliko wimbo. Na mvua ya jioni ikigonga mabati, hata ufungulie spika hadi mwisho, tunazima na kunywa chai.