Pweza: kupima uzito au kufunga mwamba?

Kanuni za Tanzania zinakataza kuvua pweza wa chini ya nusu kilo. Kwenye karatasi ni sawa. Ila mvuvi akiwa mwambani maji yamekupwa, anachokiona ni tundu tu. Anachoma kwa chuma, anavuta, ndipo anajua ni mdogo, na keshakufa. Hata akimwona mapema, akimwacha, jirani anayefuata nyuma atamchukua. Uvumilivu wake unamfaidi mwingine. Anayebaki kuilinda sheria ni mnunuzi mwenye mizani, naye mara nyingi humnunua huyo mdogo vivyo hivyo, ila kwa bei ya chini.

Njia ya pili ya kuwaacha pweza wakue ni kijiji kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, kama walivyofanya Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Pweza hukua haraka mno, kwa hiyo miezi miwili mitatu inatosha kuona tofauti. Tena ulinzi ni rahisi: huhitaji mizani, ukimwona mtu pale ujue kavunja sheria.

Mimi naichagua hii, ingawa ina kasoro kubwa: siku ya kufungua. Wote huingia kwa pamoja, wageni wa vijiji jirani nao wamo, na faida ya miezi mitatu inaweza kuisha kwa bamvua moja. Lazima kwanza wakubaliane nani anaingia. Na mwamba usifungwe wote, maana akina mama wanaovua kwa miguu hawana mashua ya kwendea kwingine.