Hita ya bafuni niliyomfungia mwanangu Njombe, na ile niliyoitoa kwanza

Nimefunga umeme majumbani Chake Chake na Wete kwa miaka 22, na katika miaka yote hiyo sijapata kufunga hita ya bafuni. Kwetu Pemba hata kipupwe kikikaza, mtu anatia maji ya moto ndoo moja, anakoga, yamekwisha. Hita nimejifunza mwaka jana, mwezi wa Juni, mwanangu alipojifungua Njombe na mama yake akapanda huko kumlea arubaini. Njombe iko kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Sakafu ya bafu ni saruji tupu, dirisha ni nondo na wavu. Mzazi anatoka kwenye maji ya moto anatetemeka mpaka meno yanagongana.

Siku ya tano mke wangu akanipigia simu. "Baba Nasra, mkwe wako kaleta hita ya feni, inatia joto zuri. Lakini Nasra kaishika kuisogeza, kasema mkono umemchomachoma kama sindano. Ni kitu hicho?"

Nikamwambia aichomoe pale pale, asiiguse kabla ya kuichomoa, na isirudi bafuni. Wiki iliyofuata nikapanda boti, Pemba hadi Unguja, Unguja hadi Dar, kisha basi.

Nitaanza na hiyo hita ya feni, kwa sababu ndiyo watu wengi wanayonunua. Ni ndogo, ya bei nafuu, inasimama sakafuni. Hii ilikuwa ya wati 2,000, bodi yake bati, plagi yake miguu miwili iliyochomekwa kwenye adapta. Miguu miwili maana yake haina waya wa ardhi. Kitu chenye bodi ya chuma na hakina waya wa ardhi, umeme ukivujia kwenye bodi hauna pa kwenda, unakaa pale pale kumsubiri mtu.

Na bafuni lazima uvuje. Feni inavuta hewa kutoka nje na kuipitisha juu ya nyaya za moto. Bafuni hewa hiyo ni mvuke. Ukiizima, bati linapoa, mvuke unageuka umande ndani yake, unachanganyika na vumbi lililojikusanya, na ule uchafu wenye maji unakuwa njia ya umeme. Nilikuwa nimechukua mita yangu ya kupima insulesheni, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme usivuje. Hita ikiwa kavu chumbani, mita ilisoma zaidi ya megaomu 5, yaani nzuri kabisa. Nikaiweka bafuni bila kuichomeka, nikamwaga maji ya moto nikafunga mlango dakika kumi, nikaitoa na kuipima tena: megaomu 0.1, yaani omu 100,000. Gawanya volti 230 kwa hizo, unapata kama miliampia 2.3. Hicho ndicho kiasi kinachomchomachoma mtu mkononi. Nasra hakuwa anawaza tu.

Miliampia 2.3 haziui mtu mzima. Lakini tone moja la maji likirukia ndani, ile njia nyembamba inakuwa njia kamili. Mwili uliolowa, miguu mitupu juu ya saruji yenye maji, upinzani wake unaweza kushuka hadi kama omu 1,000. Volti 230 kwa omu 1,000 ni miliampia 230, na moyo unaweza kuvurugika kwa chini ya 100. Wenye nyumba wengi huniambia, "Fundi, sakiti breka ipo, itakata." Breka ya soketi ni ya ampia 20. Inalinda waya usiungue, haimlindi mtu. Miliampia 230 ni karibu robo ya ampia moja, breka ile haitajua hata kama kuna kitu.

Nyumba ya mkwe wangu ilikuwa na breka hizo tu. Ile inayomlinda mtu ni breka ya uvujaji, imeandikwa 30mA usoni, yaani miliampia 30, na ina kitufe kidogo chenye herufi T. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua unaporudi, maana yake mwengine umepita pengine, na inakata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Nilifunga hiyo kabla ya kutoboa ukuta kwa ajili ya hita yoyote. Nikachimba pia fimbo ya ardhi upya, kwani ile ya zamani waya wake ulikuwa umelika kwa kutu. Vyote viwili vinatakiwa. Bila waya wa ardhi breka ya uvujaji itasubiri mpaka mtu aguse ndipo ikate. Waya wa ardhi ukiwepo, inakata mara tu bodi inapopata umeme, kabla ya mkono wa mtu kufika. Na mtu ajue mpaka wake: ule uvujaji mdogo uliomchoma Nasra haukufika 30, kwa hivyo hata breka hii isingekata siku ile. Kuchomwachomwa ni dalili, hita inatolewa siku hiyo hiyo.

Sasa hita yenyewe. Niliinunua Mlandege, Unguja, nikiwa njiani. Ni ya ukutani, bomba mbili za kioo cha kwatzi zinazowaka nyekundu, wati 1,200, haina feni, na swichi yake ni kamba ya kuvuta. Kabla ya kuuliza bei niliigeuza nyuma nikasoma alama ya kinga kwenye kibandiko: IP24. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji. Nne maana yake inastahimili maji yanayorushwa kutoka upande wowote. Ile ya feni haikuwa na alama yoyote. Nyingi za aina ile zikiwa na alama huwa ni IP20, na sifuri ile ya mwisho ina maana haina kinga ya maji hata kidogo. Kama kibandiko kimebanduka, mimi sinunui.

Kufunga kwake ndiko kulikonichukua siku nzima. Bafu zetu na za huko zinafanana: hazina beseni la kusimamia, bomba la shawa linamwaga sakafuni moja kwa moja. Kwa bafu kama hizo kanuni ya kimataifa inataka mita 1.2 kutoka shawa, hadi urefu wa mita 2.25, ihesabiwe eneo la maji, na hita ya aina hii haifai kuwekwa humo. Bafu la Nasra lina urefu wa mita mbili na nusu, shawa iko upande mmoja, mlango upande mwengine. Nikaifunga juu ya mlango, mita 2.1 kutoka sakafuni, imeinama kumwelekea mkogaji, mbali na dari kwa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Mtu aliye kwenye maji hawezi kuifikia hata akinyoosha mkono. Akitaka kuizima, anavuta kamba, na kamba haipitishi umeme hata ikilowa kiasi cha kawaida. Ndani ya bafu hakuna soketi. Waya umepita ukutani na kutoka kwenye ukumbi mdogo wa nje, huko ndiko iliko swichi yenye fyuzi, nayo inatoka kwenye ile breka ya uvujaji.

Joto lake ni la namna ya jua. Halipashi hewa kwanza, linaupasha mwili moja kwa moja, kwa hivyo unavuta kamba na unalihisi kabla hujavua kanga. Ukizima, baridi inarudi mara moja. Mabega yanapata joto zuri, miguu bado inaganda. Tulitandika mkeka wa mpira mke wangu akaridhika. Kwa mtoto mchanga hatukuitumia. Yeye alikogeshwa chumbani kwenye beseni, chini ya hita hii usoni pangekuwa pamoto mno kwa ngozi yake na huwezi kumsogeza ovyo akiwa na povu.

Umeme wake si mwingi. Dakika 15 ni wati 1,200 kwa robo saa, yaani yuniti 0.3. Watu wawili asubuhi na jioni, yuniti 1.2 kwa siku.

Kabla sijafika, mke wangu alikuwa ameshawaza jambo jengine, na nalitaja kwa sababu najua nyumba nyingi za Kizanzibari zitaliwaza: kuingiza jiko la mkaa bafuni, kama tunavyomfukiza mzazi nyumbani. Kwetu mzazi anafukizwa chumba kikiwa wazi, upepo unapita chini ya mlango na juu ya ukuta. Njombe watu huziba dirisha kwa mfuko ili baridi isiingie. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala moshi, na inaishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Bafu dogo kama lile linajaa haraka. Mtu anaumwa kichwa, anahisi kichefuchefu, magoti yanalegea, na akilegea ndani ya bafu lililofungwa hawezi kufungua mlango. Hita ya gesi ya kuwaka moto wazi ina hatari hiyo hiyo. Nilimwambia mke wangu, "Mama Nasra, hili hata kwa siku moja siliridhii," naye akalitoa hadi uani.

Kwa aliyepanga na hawezi kutoboa ukuta wa mtu, kuna hita ya mafuta, ile yenye mbavu na magurudumu. Mafuta yake yamefungwa ndani, hayaungui. Ni nzito, inachelewa, nusu saa nzima kabla ya kuihisi. Iwekwe chumbani au ukumbini, mlango wa bafu uachwe wazi joto liingie, kisha mtu aingie akoge. Yenyewe isivuke kizingiti, wala isiunganishwe kwa ekstensheni nyembamba, maana ya wati 2,000 inavuta karibu ampia 9 na waya wa ekstensheni uliokunjwa unayeyuka.

Mwaka mmoja umepita. Nasra anabonyeza T kila mwanzo wa mwezi, inakata, anairudisha. Malalamiko yangu juu ya hita hii ni mawili. Siku za mwanzo ilitoa harufu ya kuungua kwa vumbi, ikaisha. Na skrubu zilizokuja nayo zilianza kutu mwezi wa tatu, nikamtumia za chuma kisichopata kutu kwa basi. Ile ya feni niliikata plagi kabla ya kuondoka, ili hata ikipewa mtu, asiweze kuichomeka.