Wiki mbili na kibodi ya sauti, ghalani Uyole

Nauza viazi kwa jumla hapa Uyole, Mbeya. Mikono ikiwa na udongo siwezi kuchapa meseji, kwa hiyo nimekuwa nikitumia kibodi ya simu inayoandika ninachosema, nimeiweka Kiswahili. Kabla ya kuiamini na oda za wateja niliipima kwa sentensi moja, tuliyoirudia watu watatu:

"Mama, viazi magunia manane nimeshapakia, nikishakonfemu payimenti nakutumia namba ya gari."

Ni maneno kumi na moja, na ndivyo tunavyoongea. Nikiwa ndani, pametulia, "nikishakonfemu" iliandikwa "nikisha kumfanya", na "payimenti" haikuandikwa kabisa. Neno moja limebadilishwa, moja limeongezwa, moja limeachwa: makosa matatu kwa maneno kumi na moja, kama asilimia 27. Nikisema "nikishathibitisha malipo" inaandika vizuri kabisa. Kumbe neno la Kiingereza likishavaa viambishi vya Kiswahili, haliko tena katika lugha yoyote inayoijua. Niliongeza Kiingereza kuwa lugha ya pili kwenye mipangilio, sikuona tofauti, kwa sababu mchanganyiko uko ndani ya neno lenyewe.

Shangazi yangu ni wa Tukuyu, na Kinyakyusa hakina v wala z, kwa hiyo viazi kwake ni "fiasi". Simu iliandika "kiasi magunia manane". Hapo nilishtuka. Kosa ni moja tu, asilimia 9, yeye amepata alama nzuri kuliko mimi, lakini bidhaa yenyewe imepotea! Na "kiasi" ni neno halali, kwa hiyo hakuna mstari mwekundu wa kukushtua. Tangu hapo nikaacha kuhesabu makosa yote kwa uzito mmoja. Naangalia kwanza bidhaa, idadi na jina.

Kijana wangu wa kupakia, Mhehe wa Iringa, alisomeka vizuri hadi mvua ilipoanza kupiga bati. Simu ikiwa juu ya meza, kama sentimita 60 kutoka mdomoni, "manane" ikawa "manne". Irabu moja imemezwa, nusu ya mzigo imekwenda. Akaisogeza hadi sentimita 15, manane yakarudi, mvua ikiwa ile ile.

Bajaji haikuisumbua sana, mngurumo wake ni wa sauti nzito. Kinachoiharibu zaidi ni watu kuongea pembeni: jirani aliomba chenji, na "chenji" ikaingia katikati ya oda yangu, kwa sababu simu haijui sauti ipi ni ya mwenye simu.

Naendelea kuitumia. Ila idadi naitaja mara mbili, "manane, yaani nane", nikiona zimetofautiana narudia. Shangazi naye amekubali kusema "mbatata", na hiyo mpaka leo haijakosewa.