Balansa ya betri ya lithiamu: ipi ununue kama unakaa nyanda za juu kusini

Wakuu, swali la balansa, yaani kile kinachosawazisha chaji ya seli ndani ya betri, linarudi kila wiki hasa kwa wanaojifungia betri wenyewe za sola, seli nane za LiFePO4 za Ah 280 unapata volti 24, halafu ukifika dukani unaambiwa hii BMS, ile bodi inayolinda betri, ina balansa pasivu na hii ina aktivu, bei tofauti, na muuzaji mwenyewe hajui kwa nini. Nitapanga kuanzia ninayoinunua mwenyewe mpaka nisiyoigusa, ila kwanza tuelewane kila moja inaweza kurekebisha kiasi gani maana hapo ndipo hela inapopotea.

Pasivu inachoma. Seli iliyozidi wenzake inapitishiwa rizista ndogo, umeme unageuka joto, na nyingi zinachoma miliampia 30 mpaka 100 basi. Aktivu inahamisha, inachota kwa seli iliyojaa inamimina kwa iliyo chini, na zile zilizojengwa ndani ya BMS kama za kampuni ya JK zinaandikwa ampia 0.6, 1 au 2. Ila muda mmoja inachota na muda mwingine inamimina, kwa hiyo iliyoandikwa 2 we hesabu kama 1 hivi kwa wastani.

Sasa chukua betri ya mama mmoja wa Tukuyu ana saluni na anachaji simu za watu. Kaniambia "fundi, saa tano asubuhi inverta inasema imejaa, saa mbili usiku imekufa." Ukipima usiku seli zote zinasoma 3.29 au 3.30, unasema mbona ziko sawa kabisa. Ngoja jua lije. Mchana inapokaribia kujaa, seli ya tano inakimbia peke yake mpaka 3.65, wenzake bado wako 3.36 na 3.37, BMS inakata chaji betri nzima ikiwa 27.2 tu wakati chaja imewekwa 28.4. Ndo tabia ya LiFePO4, katikati volti hazisemi kitu, seli ya asilimia 50 na ya asilimia 80 zinafanana karibu kabisa, tofauti inajionyesha juu kuanzia 3.40 au chini kabisa ikiisha. Mtu akikutumia picha ya seli zimelingana usiku muulize ya mchana.

Ile seli ya tano tulipoikamua ilitoka kama Ah 14 ndipo ikaenda sawa na wenzake, yaani asilimia 5 ya betri. Piga hesabu. Pasivu ya miliampia 50 inahitaji masaa 280 kuchoma Ah 14, na inafanya kazi seli ikiwa juu tu, tuseme masaa mawili kwa siku, hiyo ni siku 140. Na hayo masaa mawili ni ya jua zuri! Kwa Rungwe Machi mpaka Mei mvua inapiga, mawingu siku nzima, betri haifiki juu kabisa, kwa hiyo balansa inapata masaa sifuri. Mtu wa Mbarali kule chini kwenye mpunga ana nafuu. Aktivu ya wastani wa ampia 1 inataka masaa 14, wiki moja ya jua la kawaida imemaliza.

Kwa hiyo msimamo wangu: pasivu kwenye betri kubwa inalinda ulinganifu uliopo tayari, tofauti ya asilimia 1 itaimaliza kwa mwezi kama jua lipo, zaidi ya hapo unajidanganya. Aktivu ya ampia 1 au 2 itakutoa kwenye asilimia 5 mpaka 8 bila wewe kugusa kitu. Ikizidi 10 shida ni seli yenyewe au fundi alifunga seli zenye chaji tofauti, anza huko.

Namba moja kwangu ni BMS yenye aktivu ndani, ampia 1 au 2, ambayo unaingia kwenye simu ukaseti. Hiyo kuseti ndo unayoilipia. Kwenye JK tafuta `Start Balance Volt.` weka 3.42 au 3.45, ukikuta imewekwa 3.0 usiiache, maana itahamisha umeme usiku kucha kwa kufuata volti ambazo hazina maana na asubuhi unakuta imeharibu kilichokuwa sawa. `Balance Trig. Volt.`, yaani tofauti ya volti kati ya seli inayoiamsha balansa, 0.01 inatosha. Kama una Ah 200 kwenda juu, au seli zilizotumika, au uko Tukuyu, Njombe, Makete kwenye mawingu, nunua hii usijiulize mara mbili.

Namba mbili BMS ya pasivu, na siidharau. Betri ya Ah 100 au chini yake, seli mpya za kundi moja, ukazilinganisha kabla ya kufunga kwa kuziunga zote sambamba na kuzichaji mpaka 3.65 ampia zishuke karibu na sifuri, hapo pasivu inatosha miaka, ya nini uongeze hela.

Ambaye ana pasivu tayari na seli moja imezidi kama ya yule mama, usikimbilie dukani kununua BMS. Nunua rizista ya om 1 ya wati 50, ile yenye mwili wa alumini, ifunge kwenye bati, iunge kwenye ile seli peke yake. Inakula ampia 3.3, joto wati 11 hivi, masaa manne na robo Ah 14 zimetoka. Kaa nayo, usilale ukaiacha, masaa 12 utakuwa umetoa 40 na sasa yenyewe ndo iko chini. Au shusha chaji ya inverta mpaka 27.0 siku kadhaa, seli inayokimbia inabaki kwenye 3.48 hivi bila BMS kukata, balansa inapata mchana mzima, kisha unapandisha kidogo kidogo mpaka 28.

Namba tatu ni ile bodi ya pembeni ya kapasita iliyoandikwa 5A, unaongeza juu ya BMS uliyonayo. Hiyo 5A ni pale seli zikitofautiana volti 1 nzima, jambo ambalo likitokea una shida kubwa zaidi, kwenye tofauti ya 0.1 unapata nusu ampia. Bado inaishinda pasivu mara kumi, ila nunua yenye sehemu ya kuunga swichi, uwashe mchana betri ikiwa juu, uzime jioni.

Isiyo na swichi, inayofanya kazi masaa 24, niachieni dukani hukohuko.

Kitu cha mwisho kwa wenye aktivu, hakuna balansa inayoongeza ukubwa wa seli. Seli ya 280 iliyochoka ikabaki 240 itaisha kabla ya wenzake kila usiku hata ukiweka balansa gani. Na ile inayovuja yenyewe kwa yenyewe aktivu itaificha vizuri sana, utaona zote sawa kumbe moja inajazwa kila siku. Kila baada ya miezi michache zima balansa kwenye simu wiki mbili, angalia juu mchana nani kabaki nyuma. Akiwa ni yuleyule kila mara, kaza kwanza nati za basiba zake, vile vipande vya chuma vinavyounga seli, pima tena, asipobadilika hiyo seli tafutia mbadala.