Kumweka Dada Mahali pa Binti wa Shangazi: Uzoefu Wangu na Studio Moja ya Kampala

Mwezi wa Desemba tulifanya kwanjula ya mdogo wetu, yaani sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa familia, nyumbani kwa wazazi, nje kidogo ya Kampala, na dada yetu mkubwa hakuweza kufika kwa sababu alikuwa amelazwa hospitalini. Mama alimwomba binti wa shangazi asimame mahali pake katika picha ya familia, wakikubaliana tangu mwanzo kwamba baadaye atatolewa na dada atawekwa. Kazi hiyo niliipeleka kwenye studio moja mjini, nikalipa shilingi 80,000 na kuwaachia picha ya dada iliyopigwa kwa simu sebuleni, akiwa amevaa gomesi, vazi refu la wanawake wa Kiganda.

Picha ya kwanza waliyonirudishia ilinihuzunisha. Uso ulikuwa wa dada, lakini alionekana kama jitu lililosimama kando ya mama. Fundi alikuwa amemnyoosha mpaka amfunike kabisa binti wa shangazi, ili asibaki na sehemu tupu ya kujaza. Binti wa shangazi ana sentimita 172, dada ana 158. Kwa hiyo dada alikuwa amekuzwa kwa karibu asilimia 9, kichwa na mikono pamoja.

Nilirudi kwa fundi na kipimo kimoja ambacho ningemshauri kila mtu akitumie. Siku ya sherehe kamera ilikuwa juu ya stendi kwenye sentimita 140, ikitazama mbele bila kuinama. Kwa kamera iliyowekwa hivyo, mstari wa upeo wa macho humkata kila aliyesimama kwenye uwanja tambarare kwa urefu uleule wa sentimita 140 kutoka ardhini, awe karibu au mbali. Binti wa shangazi hukatwa mabegani, na dada, kwa kuwa ni mfupi, anapaswa kukatwa mdomoni. Katika picha ile mstari ulimpitia mabegani, na hapo fundi mwenyewe aliliona kosa. Katika faili, binti wa shangazi alikuwa na pikseli 2,150 kutoka pindo la gomesi hadi utosini, yaani pikseli 12.5 kwa kila sentimita, na hivyo dada alistahili pikseli 1,975. Pikseli 175 zilizobaki juu ya kichwa chake zilijazwa kwa majani ya migomba yaliyochukuliwa kutoka picha nyingine ya dakika ileile, iliyopigwa kabla watu hawajajipanga.

Hata hivyo, kupunguza ukubwa peke yake hakukutosha. Picha ya simu ilikuwa imepigwa kwa karibu mno na kutoka juu, hivyo kichwa kilikuwa kikubwa na sehemu ya chini ya mwili imesinyaa, na upotofu wa namna hiyo hauondolewi kwa kukuza wala kupunguza. Tena fundi alikuwa ameigeuza kushoto kulia ili mwanga ufanane na wa wengine. Mama ndiye aliyegundua: vifungo viwili vya gomesi, ambavyo hukaa upande wa kushoto wa shingo ya mvaaji, kwa dada vilikuwa kulia, tofauti na wanawake wote waliosimama naye. Kwa vazi hili, kugeuza picha ni kosa ambalo Muganda yeyote ataliona.

Februari, dada alipopona, tulimpiga upya katika uwanja uleule, saa kumi jioni, kamera ikiwa kwenye sentimita 140, umbali wa mita tano, lenzi ileile. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, urefu wa jua saa hiyo haukuwa umebadilika sana, ingawa lilikuwa limesogea kidogo kaskazini. Tulimgeuza dada kidogo hadi kivuli cha pua kikalingana na cha mama. Alivaa kikoyi chini ya gomesi, kama wengine, ili nyonga zijae na mshipi ukae mahali pake. Shangazi alisimama kando akimshika kiwiko, kwa sababu katika picha ya awali mama alikuwa amemshika binti wa shangazi hivyo, na kitambaa hujikunja kinaposhikwa.

Safari hii fundi aliuacha mkono wa mama wa picha ya awali juu ya picha ya dada iliyopachikwa. Mkono ulikuwa umeshika kiwiko cha mtu mrefu zaidi, kwa hiyo ilibidi dada akunje mkono na kukiinua kiwiko kidogo, jambo tulilolipima kabla ya kumpiga. Nyasi chache zilirudishwa mbele ya pindo, na kivuli chembamba kikawekwa chini yake, kwani bila hivyo gomesi lilionekana likielea.

Kasoro moja imebaki: mikunjo ya kiwiko imeelekea chini kuliko vidole vya mama vinavyovuta. Fundi alijitolea kuirekebisha bila malipo zaidi, lakini mama alikuwa ameshaitundika picha sebuleni na hakutaka ishushwe.